Mimi kitunguu, mama mdogo maziwa: tulivyorudisha vyakula jikoni Ngamiani

Mtu akisikia kwamba tumbo langu lilitulia kwa kubadili chakula, kitu cha kwanza anachoniomba ni karatasi ya vyakula vilivyokatazwa. Karatasi ninayo, wala si siri. Shida ni kwamba karatasi ile ni ya wiki chache tu, na anayeipata bila maelezo huigeuza sheria ya maisha. Mama yangu mdogo wa Pangani aliishi nayo zaidi ya mwaka. Alipokuja kukaa kwangu hapa Ngamiani, Tanga, chakula chake kilikuwa wali, samaki wa kuchemsha, karoti na chai ya rangi, na magauni yake yote fundi alikuwa ameyabana. Tumbo halikuwa likimuuma tena, hilo kweli. Ila haendi harusini, haendi khitmani, na akialikwa kufuturu hubeba kibakuli chake mwenyewe.

Mimi wakati huo ndiyo kwanza nilikuwa naanza. Tukaifanya kazi pamoja, jiko moja, daftari mbili, na tulichokipata kila mmoja wetu kilikuwa tofauti na cha mwenzake.

Tumbo langu lilinianza nikiwa tayari mwalimu. Asubuhi limelala, ikifika mchana limevimba hadi gauni linabana, gesi tele, na msokoto chini ya kitovu unaopoa nikishaenda choo. Siku mbili choo chepesi, siku tatu hakuna kitu. Kila zahanati niliyoingia nilitoka na dawa ya amiba au ya vidonda vya tumbo. Daktari aliyenisikiliza hadi mwisho aliniuliza maswali ambayo nami sasa huwauliza wanaonijia: Choo kina damu? Uzito unapungua wenyewe? Tumbo linakuamsha usiku? Una homa za mara kwa mara, au upungufu wa damu? Kuna ndugu aliyepata saratani ya utumbo mpana? Shida imekuanza ukiwa umeshapita miaka 50? Jibu la ndiyo hata kwa moja tu lina maana kwamba hapo si pa kuanza na chakula, ni pa kupimwa zaidi. Kuna pia ugonjwa wa siliaki, ambao ngano huuharibu utumbo wenyewe. Kipimo chake cha damu hufanywa mtu akiwa bado anakula ngano, kwa sababu ukishaiacha majibu yanaweza kukudanganya.

Kwangu majibu yote yalikuwa hapana, na vipimo vikatoka safi. Kwenye faili akaandika IBS, yaani utumbo usio na kidonda wala uvimbe, ila mwendo wake umevurugika na mishipa yake ya fahamu imekuwa myepesi kushtuka. Akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, binti mdogo tu kwa umri, ambaye mama mdogo baadaye alimpachika jina la "bibi lishe" na jina likamkaa.

Bibi lishe alianza na sababu kabla ya orodha. Kuna kundi la sukari fupi fupi katika vyakula vya kawaida ambazo utumbo mdogo hauzifyonzi zote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, ndio walioziweka pamoja na kuziita FODMAP, na jina hilo lilianza kuandikwa mwaka 2005. Sukari hizi zikibaki ndani ya utumbo hufanya mambo mawili. Huvuta maji, kwa hiyo choo kinalainika na utumbo unatanuka. Na zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachua zikatoa gesi, kama togwa ndani ya chupa iliyokazwa kifuniko. Jambo hili humtokea kila binadamu. Sukari za maharage, kwa mfano, hakuna mtu aliyezaliwa na kimeng'enya cha kuzivunja. Tofauti ni kwamba jirani yako akijaa gesi hatambui, na wewe mwenye IBS utumbo ule ule ukitanuka kidogo unapiga kelele.

Hapo ndipo alipotuambia neno ambalo mama mdogo hakuwahi kuambiwa: "Vyakula hivi havina sumu na havikuumizi utumbo. Vinakusumbua tu, na huenda si vyote." Mama mdogo akaniangalia. Mwaka mzima alikuwa akiamini kwamba kitunguu kinamchubua matumbo.

Mpango una hatua tatu. Ya kwanza ni kupunguza makundi yote kwa pamoja, wiki mbili hadi sita. Ya pili ni kuyarudisha moja moja kwa kipimo, kazi inayochukua wiki sita hadi nane au zaidi. Ya tatu ni kuishi na matokeo: unakula kila ulichofaulu, na ulichofeli unakipunguza kwa kiasi chako. Hatua ya kwanza kazi yake ni kutuliza tumbo ili lije kuulizwa maswali. Likiwa linapiga kelele kila siku huwezi kujua limelalamikia nini.

Nitaipita hatua hiyo haraka, maana ndiyo ambayo watu wote wanaijua. Kwa mtu wa Tanga si ngumu kama inavyosikika. Wali, ugali, viazi mviringo, samaki, kuku, mayai, mchicha, karoti za Lushoto, machungwa ya Muheza na papai vyote vimo. Vitumbua vya unga wa mchele vimo, wakati mandazi ya ngano yamo upande wa pili. Viungo vya pilau, yaani bizari nyembamba, iliki, mdalasini na pilipili manga, havina neno. Tui linaruhusiwa likiwa dogo, na likiwa jingi na zito linaweza kusumbua, kwa sukari zake na kwa mafuta yake pia. Vinavyotoka ni ngano, kitunguu maji, kitunguu swaumu, jamii yote ya maharage, kunde, mbaazi na dengu, maziwa, asali, embe, tikiti, tende, korosho, na viazi vitamu vikiwa vingi.

Kitunguu ndicho kilichotutesa, kwa sababu huku mchuzi bila kitunguu ni maji ya samaki. Wengi hukipika kizima kisha wakakitoa wakidhani wameponyoka. Hawajaponyoka: sukari yake, fruktani, huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mchuzi umeshaibeba. Kwenye mafuta haiyeyuki. Ndiyo maana unaweza kukaanga punje za kitunguu swaumu kwenye mafuta matupu, ukazitoa zote kabla ya kutia nyanya au maji, na ladha ikabaki bila fruktani. Mafuta hayo nilikuwa nayatengeneza ya siku ile ile tu, kwani swaumu ikilowekwa kwenye mafuta na kuachwa kabatini inaweza kuota vijidudu vya sumu mbaya. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani, nayo hayana shida. Halafu kuna mvuje. Huku pwani wengine humfunga mtoto mvuje shingoni, lakini Wahindi huutia chungani, na chembe tu kwenye mafuta ya moto hutoa harufu inayokaribia kitunguu kilichokaangwa. Mama mdogo alikataa kabisa kula "dawa ya mashetani" mpaka siku aliponiomba niongeze.

Tumbo langu lilianza kutulia kabla ya mwezi kuisha. Wapo ambao halitulii. Kati ya wagonjwa wa IBS wanaofuata mpango huu vizuri, wanaopata nafuu ya maana ni nusu hadi robo tatu hivi, waliobaki chakula hakiwasaidii. Ukifika wiki ya sita tumbo liko vile vile, jibu ni kuacha mpango, urudi kula kama zamani na urudi kwa daktari. Kuendelea kukaza hakutasaidia. Na mtu aliyekwisha kukonda, mjamzito, mtoto, au mwenye historia ya kuogopa chakula asiianze peke yake.

Sasa hatua ya pili. Bibi lishe alitupa masharti ambayo mwanzoni niliyaona ni usumbufu wa bure.

Sharti la kwanza: chakula cha kupimia kiwe na kundi moja tu la sukari. Ukila tufaha ukaumwa, hujui kama ni fruktosi au sorbitoli, maana zote mbili zimo. Ukila korosho, ndani yake mna fruktani na zile sukari za jamii ya kunde, galakto-oligosakaridi. Kwa hiyo kila kundi lina mwakilishi wake: maziwa kwa laktosi, asali kwa fruktosi, kiazi kitamu kwa manitoli, dengu za kuchemsha kwa sukari za kunde. Fruktani inapimwa mara tatu, kwa mkate, kwa kitunguu maji na kwa swaumu, kwa sababu kiasi chake na aina zake zinatofautiana na mtu anaweza kufaulu mkate akafeli swaumu. Parachichi tulilipima peke yake kama chakula. Karatasi za zamani zinaliweka kwenye sorbitoli, ila Monash walipolipima upya walikuta sukari yake kubwa ni nyingine, iitwayo perseitoli. Orodha yenyewe bado inabadilika, jambo ambalo aliyeibandika ukutani miaka mitatu hawezi kulijua.

Sharti la pili: siku tatu mfululizo, kiasi kikipanda. Maziwa ni robo kikombe siku ya kwanza, nusu ya pili, kikombe kizima ya tatu. Mkate ni kipande kimoja, viwili, vitatu. Swaumu ni robo punje, nusu, punje nzima. Dengu zilizopikwa tulianza vijiko viwili vya mezani, tukaenda robo kikombe, kisha nusu. Siku tatu zina maana yake. Laktosi na fruktosi husema mapema, ndani ya saa chache, lakini fruktani na sukari za kunde hufanya kazi mbali huko utumbo mpana, na anayekula dengu mchana anaweza kuvimba usiku au kesho yake asubuhi. Maumivu yakija makali, unasimama hapo hapo. Huna haja ya kumaliza siku tatu ili uonekane shujaa.

Sharti la tatu ndilo watu hulivunja: hata chakula ukikifaulu, usianze kukila. Unakirudisha kabatini, unapumzika siku mbili tatu hadi tumbo liwe shwari, ndipo upime kingine juu ya msingi ule ule mtulivu. Mama mdogo alilalamika sana. Alifaulu mkate, tena vipande vitatu na chai, halafu akaambiwa asile mkate hadi mwezi ujao. "Mwanangu, huyu bibi lishe ananilisha kwa macho!" Lakini fikiria angeendelea na mkate kisha akapima kitunguu. Fruktani ya mkate ingejumlika na ya kitunguu, akafeli, na kitunguu kikahukumiwa kwa kosa ambalo si lake peke yake.

Daftari zetu zilikuwa na safu chache tu: chakula na kiasi, saa, maumivu kutoka sifuri hadi 10, kuvimba, choo, na mwisho "mengineyo". Hiyo ya mwisho iliniokoa. Siku za hedhi tumbo langu huvimba hata kwa wali mtupu, kwa hiyo wiki hiyo sipimi kitu. Wiki ya mitihani shuleni, hivyo hivyo. Pilipili na kahawa nazo huamsha utumbo ingawa si FODMAP, basi siku za kupima mchuzi wangu haukuwa na pilipili. Ramadhani tuliacha kabisa kupima, kwani mtu aliyeshinda na njaa akala mengi magharibi hawezi kujua nini kimefanya nini.

Matokeo yangu. Maziwa: kikombe kizima, hakuna kitu, nilikaa nasubiri hadi nikalala. Asali sawa. Kiazi kitamu, kipande kidogo sawa, nusu sawa, kizima kikanivimbisha kidogo, nikaandika tatu juu ya kumi. Mkate vipande viwili sawa, vitatu nikaanza kunguruma. Dengu robo kikombe sawa, nusu kikombe gesi nyingi lakini bila maumivu. Kitunguu maji, siku ya kwanza kijiko kimoja cha kilichokatwakatwa kikaleta mnguruma wa usiku, siku ya pili, nilipoongeza, nikapata msokoto wangu ule ule wa zamani, saba juu ya kumi, nikasimama. Swaumu ilinishinda kwenye nusu punje.

Mama mdogo ni kinyume. Kitunguu alikila mpaka nikamwonea wivu. Dengu nusu kikombe, salama. Maziwa nusu kikombe yalimpeleka chooni kabla ya saa mbili kupita, na siku alipojaribu tena baadaye, hivyo hivyo. Kiazi kitamu kilimvimbisha mapema kuliko mimi. Vilivyobaki vyote alifaulu. Mwaka mzima alikuwa amefunga karibu kila kitu kwa ajili ya maziwa na kiazi kitamu.

Nilidhani sisi ni vituko, lakini bibi lishe alisema ndivyo ilivyo. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliwarudishia wagonjwa wa IBS sukari hizi zikiwa unga, kundi moja moja, bila mgonjwa kujua anakula ipi. Kwa wastani mtu aliathirika na makundi mawili au matatu, si yote. Fruktani na manitoli ndizo zilizosumbua wengi zaidi, kila moja zaidi ya nusu ya wagonjwa. Laktosi, ambayo huku ndiyo inayolaumiwa kwanza, ilisumbua zaidi kidogo ya robo. Na kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo silisahau: waliwapa pia glukosi, ambayo si FODMAP na hufyonzwa vizuri, na karibu robo yao wakaona tumbo limesumbuka. Woga peke yake unaweza kulisokota tumbo. Ndiyo maana siku mama mdogo alipofeli parachichi kwa kijiko kimoja, huku mikono inamtetemeka tangu asubuhi, bibi lishe hakulikubali jibu lile. Alimwambia apumzike wiki, mtu mwingine amsagie kidogo na papai, apime tena. Alifaulu.

Kwa nini asingebaki tu na karatasi yake, maadamu haumwi? Nilimuuliza bibi lishe swali hilo, kwa sababu ndugu wengi walikuwa wakisema mwacheni mama wa watu. Alijibu kwa mambo mawili ambayo yalinitosha. Zile sukari tunazozikimbia ndizo chakula cha bakteria wazuri wa utumbo mpana, hasa kundi liitwalo bifidobakteria. Mwaka 2012 watafiti wa King's College London walichapisha kwamba wiki nne tu za kupunguza FODMAP zilitosha kuwashusha bakteria hao. Wiki nne ni bei unayoweza kulipa ili upate jibu. Mwaka ni jambo jingine, na hakuna anayejua bei yake yote. Pili ni sahani yenyewe. Ukitoa maziwa, kunde, ngano na nusu ya matunda bila kuweka mbadala, umetoa kalisi na nyuzinyuzi. Mama mdogo alikuwa anapata choo kwa shida, akidhani ni ugonjwa umegeuka, kumbe tumboni mlikuwa na wali mweupe na karoti. Dengu ziliporudi, na mchicha ukaongezeka, choo nacho kikarudi bila dawa.

Mimi nitaongeza la tatu ambalo halimo kwenye vitabu vya lishe. Kadiri unavyokaa mbali na chakula ndivyo unavyozidi kukiogopa, na mtu anayeogopa chakula Tanga hii atakuwa mpweke. Chakula chetu kinapikwa sufuria moja, kinaliwa sinia moja. Mama mdogo alianza kuonekana mwenye maringo kwa mashoga zake kabla hajaonekana mgonjwa.

Hatua ya tatu ndipo tulipo sasa, na haina mwisho uliopangwa. Mimi ninakula karibu kila kitu. Mchuzi wa nyumbani napika kwa mafuta ya swaumu na majani ya kitunguu. Harusini nakula pilau kijiko kwa kijiko, najua kitunguu kimo, ila siku hiyo siongezi kachumbari wala mkate wa asubuhi. Hilo la kujumlika ndilo linalowachanganya wengi: nusu kiasi cha kitu na nusu ya kingine chenye sukari ile ile, katika mlo mmoja, ni kiasi kizima. Ukitenganisha asubuhi na jioni, mara nyingi tumbo halisemi. Maharage na dengu naloweka usiku kucha, maji yale namwaga, nachemsha kwa maji mapya, kwa sababu sehemu ya zile sukari huondoka na maji ya kulowekea. Kwa njia hiyo nusu kikombe cha dengu ambacho kilinijaza gesi sasa kinapita kimya.

Swaumu nilishairudia mara kadhaa, kila baada ya miezi michache, maana uvumilivu wa utumbo hubadilika. Bado robo punje ndiyo mwisho wangu. Mwanzoni hata hiyo nilikuwa siithubutu.

Mama mdogo amerudi Pangani na magauni yake amempelekea fundi ayaachie. Kwake vita ni maziwa, tena kidogo tu, maana watu wengi wasiomeng'enya laktosi vizuri huweza kunywa kikombe kimoja bila matata, na yeye kwa bahati mbaya yuko chini ya hapo. Robo kikombe ndani ya chai kinapita. Mtindi ukawa afadhali kuliko maziwa ya kawaida, kwani bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi na wanaendelea kusaidia tumboni. Juzi alinipigia kuniuliza kama nusu kikombe cha mtindi asubuhi na chai ya maziwa jioni vinahesabiwa pamoja. Nikamwambia, shikamoo kwanza, halafu ajaribu siku tatu aandike. Akasema ameshajaribu mbili, daftari liko mbele yake, na siku ya tatu ataiongeza na vitumbua.